Mishkaki ilikaa mezani toka saa saba, tukairudisha kwenye mkaa ikatoa moshi, mbona watu walitapika?

"Shikamoo. Jumamosi tulikuwa na kipaimara cha mwanangu hapa Nkuhungu. Nyama ya mbuzi nilinunua mnadani asubuhi, mishkaki ikaiva saa saba mchana. Spoku hazikutosha, vijana wakawa wanachomoa nyama wanapanga kwenye sinia ili wachome nyingine, zingine zikabaki kwenye vijiti vyake, tukafunika foili juu ya meza. Wageni walichelewa kanisani, tukala saa kumi na mbili jioni baada ya kuirudisha kwenye mkaa mpaka inatoa moshi. Saa mbili na nusu usiku watu wakaanza kutapika, kufika saa nne walikuwa tisa, na baba mkwe akashikwa na tumbo la kuharisha alfajiri. Wengine wanasema mbuzi alikuwa mgonjwa, wengine kachumbari. Moto si unaua vijidudu? Na iliyobaki ipo kwenye friji, naweza kuitumia?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana nyumba nzima. Kabla ya yote nenda kwenye friji uitoe hiyo nyama uitupe, leo hii, hata mbwa usimpe, sababu yake utaiona huko chini. Nimesoma ujumbe wako mara mbili maana umeniandikia saa, na kwenye kazi yetu ya usalama wa chakula saa zinaongea kuliko harufu na kuliko rangi ya nyama. Wewe umenipa saa ya kuiva, saa ya kula na saa ya kutapika, kwa hiyo hata bila maabara tunaweza kuukaribia sana ukweli.

Tuanze na mbuzi, maana naona ndo anayelaumiwa zaidi na pengine aliyewauzia naye kashaanza kusemwa. Hata kama nyama ingekuja na vijidudu toka machinjioni, mshkaki ni vipande vidogo, moto unafika mpaka katikati, na kipande kikipita nyuzi 70 ndani karibu vijidudu vyote vilivyo hai vinakufa. Halafu angalia saa. Salmonela na wenzake wanahitaji kwanza waingie tumboni, wafike kwenye utumbo, wazaliane, ndo uumwe, na kwa kawaida hiyo inachukua kuanzia masaa sita mpaka siku kadhaa. Nyie mmekula saa kumi na mbili, watu wanatapika saa mbili na nusu, hayo ni masaa mawili na nusu tu. Hakuna kijidudu cha aina hiyo kinachoweza kufanya kazi yote hiyo kwa muda huo. Kitu kinachomtapisha mtu haraka hivyo ni sumu ambayo tayari ilishatengenezwa ndani ya chakula kabla hajakiweka mdomoni. Kachumbari nayo naiacha kwa sababu hiyo hiyo, siwezi kuisafisha asilimia mia lakini saa hazielekezi kwake.

Sasa tukirudi kwenye swali lako la moto, jibu ni ndiyo, unaua. Shida ni kwamba moto wa saa saba uliua vilivyokuwepo saa saba, na moto wa jioni uliua vilivyokuwepo jioni, lakini kilichotengenezwa katikati hapo hakikuwa kijidudu na moto haukukiweza.

Yupo bakteria anaitwa stafilokoka. Huyu hana haja ya kutoka kwa mbuzi, anaishi kwetu sisi watu, puani, kwenye ngozi, na hasa kwenye vidonda na majipu, ukikuta mtu ana kidole kimejikata kikaanza kutunga usaha huyo amembeba kwa wingi sana. Watu wengi wazima kabisa wanatembea naye puani wala hawaumwi. Anafuta jasho usoni, anagusa pua, anashika nyama, basi kashamwacha pale. Na hapa ndo nikasimama kwenye ule mstari wako wa spoku. Nyama iliyochomolewa kwa mkono imeguswa baada ya kuiva, na hicho ndo kipindi kibaya kuliko vyote. Kwenye nyama mbichi stafilokoka anabanwa, kuna bakteria wengine wengi wanaogombania chakula kile kile na yeye kwa ugomvi huo ni mnyonge, lakini nyama iliyotoka motoni ni shamba lililofyekwa, wote wamekufa, halafu anakuja yeye peke yake na mkono wa kijana mwenye jasho anakuta chakula, unyevu na uvuguvugu. Chumvi uliyoweka haimsumbui, kati ya bakteria wa chakula yeye ni mmoja wa wanaovumilia chumvi sana. Ndimu na tangawizi vinaleta ladha na vinalainisha nyama lakini havitoshi kumzuia, nyama yenyewe inapunguza ukali wa ile ndimu.

Fanya utafiti mdogo hapo nyumbani, waulize wale tisa kama walikula za sinia au za vijiti. Mimi natarajia wengi watakuambia za sinia. Isipokuwa kama aliyekuwa anapanga vijiti alikuwa anashika nyama yenyewe badala ya kushika kijiti, hapo itachanganyika. Na mwangalie vizuri vidole yule aliyekuwa anachomoa, kwa upole tu bila kumfokea, maana hakujua, na kama ana kidonda kinahitaji kutibiwa hata kwa ajili yake mwenyewe.

Sasa hayo masaa matano ya mezani. Watu wanaona nyama imefunikwa foili basi imehifadhiwa. Foili inazuia inzi na vumbi, na kwa upepo wetu wa Dodoma vumbi si kitu cha kudharau, lakini kwa upande wa joto foili ndo iliwamaliza. Mshkaki mmoja peke yake ukiuacha kwenye upepo unapoa haraka, robo saa au dakika ishirini hivi umeshuka kufikia joto la hewa. Sinia lililojaa kilo kadhaa za nyama zimepandana na foili juu ni habari nyingine kabisa. Niliwahi kupima sinia la namna hiyo kwenye sherehe moja hapa mjini, ile foili ilipofunguliwa baada ya lisaa limoja katikati ya rundo kulikuwa na nyuzi 48, baada ya masaa mawili 41, na pembeni kwenye ukingo wa sinia 33. Yaani katikati ni kama joto la mwili wa mtu mwenye homa kali na pembeni ni kama mchana wa Dodoma. Kote huko bakteria wanafurahi. Eneo lote kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 ndo wanapozaliana, na wengi wanazaliana kwa kasi zaidi pale karibu na 37, joto la mwili wetu, ambalo sinia lenu lilipita taratibu sana halafu likabaki hapo jirani mchana mzima.

Nikupigie hesabu ya mfano ili uone mambo yalivyokwenda. Tuseme ule mkono uliacha bakteria 1,000 kwenye kila gramu ya nyama, mkono wa jasho au wenye kidonda unaweza kabisa. Saa moja ya kwanza hawaongezeki, wanazoea mazingira tu na nyama yenyewe bado ni ya moto. Baada ya hapo, kwenye uvuguvugu unaowafaa, wanajigawa mara mbili kama kila nusu saa. Kwa hiyo saa nane walikuwa 1,000, saa nane na nusu 2,000, saa tisa 4,000. Mngekula saa tisa pengine hakuna ambaye angelalamika. Saa tisa na nusu 8,000, saa kumi 16,000, saa kumi na nusu 32,000, saa kumi na moja 64,000, saa kumi na moja na nusu 128,000, na saa kumi na mbili mnapokaa kula 256,000. Tunaanza kuogopa sumu wakishavuka kama 100,000 kwa gramu, maana hapo ndo inakuwa imeshatengenezwa ya kutosha kumtapisha mtu. Angalia mlipovukia huo mstari, ni kati ya saa kumi na moja na saa kumi na moja na nusu, ile saa ya mwisho mnasubiri wageni.

Hii hesabu inajibu na jambo lingine ambalo hukuuliza lakini najua mtu atakuambia, kwamba "mbona siku zote tunaacha nyama mezani na hatuumwi." Kweli kabisa, mara nyingi hamuumwi, kwa sababu mara nyingi wageni wanakuja baada ya masaa mawili na bakteria bado wako elfu chache, au siku hiyo hakuna aliyegusa nyama kwa mkono wenye kidonda. Kwa muda mrefu wanaongezeka kidogo kidogo mtu haoni kitu, halafu mwishoni wanalipuka. Ndo maana sisi tunasema masaa mawili tu nje, na joto la hewa likipita nyuzi 32 tunasema saa moja, na mchana wa hapa kwetu kuanzia Oktoba mpaka mvua zikolee joto linafika hapo bila shida, na ukiwa chini ya turubai lililopigwa jua ndo kabisa.

Turudi kwenye sumu yenyewe sasa. Stafilokoka akishakuwa wengi anaitoa na inabaki ndani ya nyama hata yeye akifa. Ni protini, na ukizoea kupika utasema basi protini si inaharibika kwa moto kama yai linavyoganda, lakini hii imejikunja kwa namna ambayo unaweza kuichemsha nyuzi 100 kwa nusu saa na bado ikabaki na nguvu ya kumtapisha mtu. Mishkaki yenu mliyorudisha jioni ilikaa kwenye mkaa dakika ngapi, tano, kumi? Nje ikatoa moshi, mafuta yakadondokea mkaa, harufu ikawa nzuri kabisa, ndani ikafika labda nyuzi 70 au 80. Bakteria wote 256,000 wakafa, naamini hilo kabisa. Sumu yao ikabaki kama ilivyo. Wengi wenu mmekula nyama ambayo haina kijidudu hai na bado ina sumu, na kama mngepeleka kipande chake maabara wakatafuta bakteria peke yake wangeweza kuwaambia nyama ni safi. Haina harufu, haina ladha, haiteleziteleza kama nyama iliyooza. Vinavyoozesha nyama na vinavyotuumiza mara nyingi si bakteria wale wale, kwa hiyo pua yako haikukosea, haikuwa na kitu cha kunusa.

Ikifika tumboni sumu hiyo haivunjwi kirahisi na asidi, inachokoza mishipa ya fahamu inayotoka tumboni kwenda kwenye ubongo sehemu inayoamrisha kutapika, ndo maana inakuja ghafla hivyo, mtu yuko anaongea vizuri dakika kumi baadaye yuko nje ameinama. Kwa kawaida inaanza kati ya nusu saa na masaa manane baada ya kula, wengi wao masaa mawili mpaka manne. Nyie mmeingia pale pale.

Baba mkwe sasa ni kesi yake. Yeye hakutapika jioni, kaharisha alfajiri, tuseme saa kumi usiku, hayo ni masaa kumi toka ale. Kama ilikuwa tumbo la kusokota na kuharisha maji bila homa na bila kutapika sana, na kufikia jioni ya pili akawa amepoa, mimi namshuku mwingine anaitwa klostridia, na huyu kweli anaweza kuwa alikuja na mbuzi, anaishi kwenye utumbo wa wanyama na kwenye udongo na vumbi. Ujanja wake ni kwamba hali ikiwa ngumu anajifunga kwenye ganda gumu kama mbegu, ule moto wa saa saba ukaua wengine wote yeye ukamwamsha tu, nyama ikapoa taratibu, na akiwa kwenye nyuzi 43 mpaka 47 anajigawa kwa dakika kama kumi hivi, hakuna bakteria wengi wa chakula wenye mbio hizo. Anapenda sehemu isiyo na hewa, yaani katikati ya rundo la nyama lililofunikwa. Tofauti yake na stafilokoka ni kwamba anatutesa akiingia tumboni akiwa hai kwa mamilioni, sumu yake anaitolea huko huko kwenye utumbo, kwa hiyo kuipasha nyama mpaka katikati kwake kungesaidia kweli. Ila kipande kilichopashwa juu juu tu, nje kumekuwa kweusi na ndani vuguvugu, anapita nacho, na pengine baba mkwe aliangukia hicho. Inawezekana kabisa wote wawili walikuwa kwenye sinia moja, sinia lile liliwafaa wote.

Kuhusu wagonjwa wenyewe. Wale wa kutapika wengi wao watakuwa wameshapona unaposoma hapa, ugonjwa huu kwa kawaida unakata ndani ya masaa 24, unamwacha mtu mchovu. Kinachohitajika ni maji, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, kunywa kidogo kidogo kila dakika chache hata kama anatapika, na ukikosa pakiti chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, pima kwa usawa wa kijiko wala usikijaze kwa kilima, chumvi ikizidi inamuumiza mgonjwa hasa mtoto. Naomba sana msikimbilie duka la dawa kununua flajili na vidonge vingine vya rangi mbili. Dawa hizo zinaua bakteria, na wewe sasa unajua kwamba bakteria wameshakufa kwenye mkaa, kinachomtesa mtu ni sumu, dawa haina cha kuua hapo. Na msimpe mgonjwa vidonge vya kuzuia kuharisha, hasa mtoto.

Ila kuna hali ambazo ushauri wangu wa hapa hautoshi, inabidi mtu aonekane na mganga kwa macho. Akitapika kila anachokunywa kwa masaa mengi mfululizo, asipokojoa mchana mzima au mkojo ukawa mweusi, macho yakizama, akisimama anapata kizunguzungu, kinyesi kikiwa na damu, homa ikipanda, au hali ikipita siku nzima bila kupungua, mpelekeni kituo cha afya. Mtoto mdogo, mama mjamzito na mzee kama baba mkwe msiwasubirishe hata huo muda, maji yanawaisha haraka. Na kama kuna mtu anaharisha maji meupe mengi kama maji ya kuoshea mchele, huyo anapelekwa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, maana hiyo inaweza kuwa kipindupindu na si mambo ya mishkaki tena. Mkifika mwambieni mganga zile saa kama ulivyoniambia mimi. Halafu watu tisa kwa sherehe moja ni wengi, mjulisheni afisa afya wa kata yenu. Hiyo si kumshtaki mtu, kama kuna kitu kimoja kimeuzwa na kimeumiza nyumba nyingine pia yeye ndo anaweza kuona picha nzima.

Nyama ya kwenye friji nadhani sasa unajiona mwenyewe kwa nini nimesema itupwe. Friji inawalaza bakteria, sumu haiigusi kabisa. Ukiichemsha supu masaa mawili mimi bado sitakuruhusu umpe mtoto. Najua ni hela, mbuzi siku hizi si mchezo, na kutupa nyama kwetu ni kama dhambi, lakini hiyo si nyama tena dada.

Kwa sherehe ijayo nikuambie ninachofanya mimi na kinachoshindikana. Njia ninayoiamini zaidi ni kutochoma yote mapema. Nyama mbichi iliyokwishatiwa viungo inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko ndani ya friji au kwenye boksi la barafu, mnachoma mkupuo wa kwanza mgeni wa kwanza akiingia getini, mshkaki wenyewe unaiva kwa dakika kumi mpaka kumi na tano, hakuna mgeni atakayekufa njaa hapo. Ukiangalia wachomaji wa minadani kwetu ndo wanavyofanya bila kusoma popote, nyama imechomekwa kwenye vijiti kuzunguka moto, inabaki pale pale ikipigwa joto mpaka mteja aje akate. Ubaya wa njia hii ni kwamba mchomaji wa kukodi anataka amalize aondoke, na mkaa unawaka mchana kutwa. Mpange naye mapema, mlipe kwa muda.

Watu wengi hapo katikati wanachagua kuchoma nusu, yaani nyama inapigwa moto mchana mpaka inabadilika rangi halafu inamaliziwa jioni. Hiyo msiifanye kabisa. Nyama ya nusu ndani bado ina bakteria wake hai, umewapa uvuguvugu na masaa matano, ni mbaya kuliko hata kuiacha mbichi kwenye barafu.

Kama lazima iive yote mapema una njia mbili, iwe ya moto kweli au iwe ya baridi kweli. Ya moto maana yake juu ya nyuzi 60 muda wote. Vile vyombo vya bafe vyenye moto chini vinaweza kama maji yake yanatoa mvuke na mfuniko haufunguliwi kila saa. Hotipoti inasaidia kwa muda, uipashe kwanza kwa maji ya moto dakika tano, umwage, ujaze nyama ikiwa inatoka motoni moja kwa moja, ijae, maana hotipoti nusu tupu inapoa haraka, nami siipi zaidi ya masaa mawili. Au sogeza mkaa pembeni ubaki na majivu yenye joto, weka trei juu yake. Kipimajoto cha chakula cha kuchomeka kwenye nyama si ghali sana na ukiwa mtu wa sherehe nakushauri ununue, na kama huna, toa kipande katikati ya rundo ukifumbate mkononi, ukiweza kukishika bila kukitupa basi iko chini ya 60. Hicho kipande ulichofumbata usikirudishe kwenye sinia.

Ya baridi maana yake usiirundike. Ikitoka motoni itandaze kwenye trei mbili tatu safu moja tu, bila kufunika kwa foili mpaka mvuke uishe, weka chandarua cha chakula juu kwa ajili ya inzi, ndani ya masaa mawili iwe imeingia kwenye friji, jioni unaitoa na kuichoma mpaka katikati iwe ya moto ya kuunguza ulimi. Hapo kupasha kwako kuna maana kwa sababu hakuna sumu iliyopata muda wa kutengenezwa. Shida ni umeme, na friji la nyumbani ukilijazia kilo sita za nyama vuguvugu kwa pamoja linashindwa, linakaa masaa linahangaika na nyama iko pale pale kwenye nyuzi 30, kwa hiyo trei ziwe nyembamba na zipeane nafasi.

Na spoku zenu, nunueni vijiti vya kutosha kuanzia mwanzo ili nyama isichomolewe. Ikibidi kuchomoa, isukumwe kwa uma safi au koleo safi, lisiwe lile lililokuwa linageuza nyama mbichi, na anayesukuma awe amenawa kwa sabuni, hana kidonda kidoleni hata kama kimefungwa plasta. Bakuli la viungo lililokuwa na nyama mbichi nalo lisirudi kwenye sinia la iliyoiva, nimeona watu wanamwagia yale mabaki juu ya mishkaki iliyoiva ili iwe na mchuzi, kama mnataka mchuzi tengeni viungo vyake pembeni kabla nyama mbichi haijaingia.

Ukishawauliza wale tisa walikula za sinia au za vijiti niandikie, na unitajie na baba mkwe anaendeleaje.